Tiki zote zipo, milioni tisa na nusu haikuonekana

Watu wakisikia mkaguzi wa ndani anaenda kuangalia mambo ya wabia wanajua moja kwa moja ni safari ya kwenda kumkamata mhasibu wa shirika dogo huko wilayani na risiti feki, na wabia wenyewe ndo wanavyotupokea, unaingia ofisini unakuta kila mtu kakaa wima utadhani kaja mkuu wa mkoa. Sasa mimi nimefanya hii kazi kwenye shirika ambalo linapokea ruzuku kubwa halafu linaigawa kwa mashirika madogo mikoani, makao yetu Dar, wabia wako Morogoro, Dodoma, Singida mpaka Kigoma huko Kasulu na Kibondo, na kitu ambacho imenichukua muda kuwaelewesha hata wenzangu wa ndani ni kwamba anayekaguliwa hapa ni sisi. Mbia ana mkaguzi wake wa nje. Swali langu ni je, sisi tuliosaini mkataba na mfadhili, tunajua kweli hela ikishatoka kwetu inafanya nini, au tunajua tu kwamba kuna faili?

Na hili swali lina meno, maana gharama ya mbia ikikataliwa mfadhili hamfuati mbia Kasulu, anakuja kwa mwenye mkataba. Kwenye fedha za serikali ya Marekani kwa mfano kuna kanuni za 2 CFR 200, kifungu cha 332, kinachomtaka anayepitisha fedha apime vihatarishi vya kila mbia, asome ripoti zake za fedha na za utekelezaji, na ahakikishe kasoro zilizoonekana zinarekebishwa. Wafadhili wengine wana maneno yao lakini ukisoma mikataba yao unakuta mambo ni hayohayo matatu, pima, soma, fuatilia mpaka mwisho.

Basi mwaka mmoja kwenye mpango wangu wa ukaguzi nikaweka hilo eneo. Nikaenda kwa mkuu wa kitengo cha ruzuku kuomba mafaili, jamaa mstaarabu sana, akaniambia, "Dada yangu, sisi huku tuko vizuri, wewe chagua mbia yeyote unayemtaka." Na kweli bana, mafaili yalikuwa mazuri. Kila mbia ana ripoti za robo nne, kila ripoti ina fomu ya mapitio imejazwa na kusainiwa, kila ziara ina ripoti yake na picha watu wamesimama chini ya bango la mradi. Mtu wa haraka anaandika "inaridhisha" anarudi nyumbani mapema.

Mimi nikaanza na kitu kidogo, ambacho mpaka leo ndo naanzia nacho. Nikaomba barua pepe. Mbia anatuma ripoti kwa barua pepe, na ofisa anamjibu kwa barua pepe kwamba imekubaliwa, kwa hiyo muda upo pale juu umeandikwa, saa na dakika. Ripoti moja ya robo, yenye jedwali la matumizi, leja ya kurasa kumi na kitu, taarifa ya benki na usuluhishi wa benki, imeingia saa 8:10 mchana, jibu la kukubaliwa limetoka saa 8:37. Dakika ishirini na saba. Sitaki kusema mtu hawezi kusoma kwa dakika ishirini na saba, labda ni mwepesi, ila nilipoangalia nyingine nikakuta karibu zote zimeingia ndani ya siku mbili tatu, maana mkataba unasema tarehe 15 baada ya robo kuisha, wabia wote wanatuma tarehe 14 na 15, na hela ya robo inayofuata inatakiwa itoke kabla ya mwezi kuisha. Ofisa mmoja, ripoti zote, wiki moja. Na kwa mwaka mzima sikuona barua hata moja ya kumrudishia mbia ripoti na kumuuliza "hii namba vipi". Ukiona hivyo usifurahi. Wahasibu wa mashirika madogo ni binadamu, wanakosea kujumlisha, wanaweka nauli kwenye kifungu cha posho, haiwezekani mwaka mzima wote wawe sahihi kuliko sisi wenyewe makao makuu.

Nikachukua ripoti ya mbia wa Kasulu, robo ya Aprili mpaka Juni, nikaisoma kama mtu ambaye hela ni yake. Hesabu zenyewe hazikuwa ngumu. Walianza robo akaunti ya mradi ikiwa haina kitu, tukawatumia advansi ya shilingi 48,000,000. Wakaripoti matumizi ya 45,600,000. Kwa hiyo kwa mujibu wao salio tarehe 30 Juni ni 2,400,000, na ndo lilivyoandikwa. Nafungua taarifa ya benki iliyoambatanishwa kwenye ripoti hiyohiyo, salio la tarehe 30 Juni ni 11,900,000.

Tofauti ni milioni tisa na nusu, na iko kwenye kiambatanisho ambacho fomu yetu imeweka tiki.

Nikarudi kwenye fomu. Swali namba nne linasema: "Je, taarifa ya benki imeambatanishwa?" Tiki. Swali la tano: "Je, usuluhishi wa benki umeambatanishwa na kusainiwa?" Tiki. Hakuna mahali fomu inamwambia ofisa chukua salio la ripoti, chukua salio la benki, toa, andika jibu. Ofisa alijibu sawasawa alichoulizwa. Na hapa ndo watu wengi wanaokagua ufuatiliaji wanapotea, wanahesabu fomu zilizojazwa na ambazo hazijajazwa halafu wanatoa asilimia, wakati fomu yenyewe inauliza kama kitu kipo na haiulizi kama kinakubaliana na kingine. Fomu ya namna hiyo ukiijaza kwa uaminifu wote bado hujakagua chochote.

Sasa benki kuwa na hela nyingi kuliko vitabu sio dhambi. Umeandika hundi leo, umeingiza kwenye vitabu leo, mwenye hundi anaenda benki kesho kutwa, hapo katikati benki itakuwa juu. Ndo maana usuluhishi wa benki upo. Na wa kwao ulikuwepo, ulikuwa safi, unaanza na 11,900,000, unatoa hundi ambazo hazijafika benki 9,500,000, unapata 2,400,000, saini ya mhasibu, saini ya mkurugenzi. Ila hiyo 9,500,000 ilikuwa hundi moja. Tarehe yake 28 Juni. Yaani hundi moja tu, kubwa kuliko zote za robo hiyo, imeandikwa siku mbili kabla ya robo kufungwa. Kwa mtu wa fedha hiyo ni ya kuulizia, na njia ya kuulizia ni rahisi mno, unamwambia mbia nitumie taarifa ya benki ya Julai, wiki mbili za mwanzo tu. Ripoti imekuja tarehe 15 Julai kwa hiyo taarifa ya wiki mbili ipo tayari. Nilipoiomba nikakuta hundi imetolewa tarehe 9 Julai, fedha taslimu, mlipwaji ni mratibu wa mradi, na kwenye leja ya Juni matumizi yameandikwa ni warsha ya siku tatu ya viongozi wa vijiji, tarehe 25 mpaka 27 Juni.

Warsha imefanyika mwezi wa sita kwa hela iliyotoka benki mwezi wa saba. Inawezekana, labda hoteli iliwakopesha, labda mratibu alitoa mfukoni kwake, nimeona watu wanafanya hivyo. Kwa hiyo sikuandika kitu bado.

Kabla ya kwenda Kasulu nikaangalia upande wa pili, ziara za ufuatiliaji, maana huyo mbia alitembelewa na ofisa wetu mwezi wa nane, mwezi mmoja tu baada ya hayo. Ripoti ya ziara inasema: "Vocha za malipo zimekaguliwa na zina viambatanisho vyote." Nikamuuliza ofisa ulikagua zipi, kijana mkweli kabisa, akanionyesha daftari lake, vocha kumi, zote za Aprili na Mei. Nikamuuliza ulizichaguaje. Akasema nilifika nikawaomba vocha wakaniletea boksi. Ndo hivyo. Vocha alizoangalia zilikuwa sawa kweli, na maandishi yake ya ripoti yalikuwa kweli, ila sampuli ilichaguliwa na mkaguliwa. Inatakiwa uende na leja mkononi, umeshaweka alama namba za vocha unazozitaka ukiwa bado Dar, na mojawapo lazima iwe ile kubwa ya mwisho wa robo, halafu ukifika unasema naomba hii, hii na hii. Na unachukua tena taarifa ya benki unachagua malipo matatu manne humo unayatafuta kwenye leja, kwa sababu ukianzia kwenye leja peke yake hutakaa uone hela iliyotoka benki na haikuandikwa.

Halafu nikafanya kitu ambacho maofisa wa ruzuku hawakipendi, nikaomba daftari la safari la gari na marejesho ya masurufu ya hizo ziara zote za mwaka. Sikuwa natafuta posho zilizoliwa, nilitaka kujua masaa. Daftari la dereva linaandika kilomita na saa ya kuondoka na kufika, na dereva hana sababu ya kupendezesha. Ziara iliyoandikwa siku mbili unakuta gari limefika saa saba mchana, siku ya pili limegeuza saa nne asubuhi, toa chakula cha mchana, toa salamu kwa mkuu wa wilaya, toa kwenda kuona kikundi cha akina mama na kupiga picha, mtu wa fedha amebakiwa na masaa mawili, matatu akijitahidi. Ndani ya hayo masaa hawezi kukagua leja, stoo, rejista ya mali, mishahara na posho, hata awe nani. Na ripoti ya ziara ina kurasa tisa zenye vichwa vyote hivyo. Kurasa zimetoka wapi? Nikaziweka mbili pembeni pembeni kwenye kompyuta, ya Singida na ya Dodoma, aya ya mishahara ilikuwa ileile neno kwa neno, na kwenye ya Singida kuna sehemu moja limebaki jina la mbia wa Dodoma. Wala sikushangaa.

Kitu kingine ni ramani. Tulikuwa na jedwali la vihatarishi, kila mbia anapewa alama mwanzoni mwa mwaka, juu, kati, chini, na sera inasema mbia wa juu atembelewe kila robo. Wabia wa Kigoma wote walikuwa juu, wapya, wahasibu wachache, hela nyingi kwa mara ya kwanza. Mbia wa Morogoro alikuwa chini, tumefanya naye kazi miaka. Sasa angalia ziara: Morogoro katembelewa mara nne, Kasulu mara moja, Kibondo hakuna. Hakuna mtu aliyekaa akaamua hivyo, ila Morogoro unaondoka asubuhi na gari unarudi siku hiyohiyo, Kigoma unahitaji ndege au siku mbili njiani na bajeti ya safari ilikatwa katikati ya mwaka. Alama za vihatarishi zilipangwa, zikasainiwa, zikafungiwa kwenye kabati, na ziara zikafuata lami.

Basi nikaenda Kasulu. Kwenye ukaguzi wa aina hii huwa nachagua angalau mbia mmoja narudia mwenyewe ziara ambayo ofisa wetu alishaifanya, kwa fomu yetu na kwa leja ileile, nione kama nitapata anachopata. Nikifika nikamkuta mhasibu ni mama mtu mzima, miwani kwenye kamba, mafaili yamepangwa kuliko ya kwetu. Nikamwamkia, tukaongea habari za safari na mvua, nikampa namba za vocha zangu. Ile ya milioni tisa na nusu alinyamaza kidogo halafu akaileta bila ubishi.

Ndani ya vocha kuna orodha ya mahudhurio ya tarehe 25 mpaka 27 Juni imesainiwa kila siku, kuna fomu za posho, kuna hati ya madai ya ukumbi na chakula, na nyuma kabisa kuna risiti ya EFD ya hoteli. Na risiti ya EFD ina tarehe na saa yake inayotolewa na mashine, huwezi kuipangia. Ilisoma 12 Julai. Nikachukua namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti nikaingiza kwenye simu:

```
verify.tra.go.tz
```

Unaweka namba, unaweka muda uliochapwa kwenye risiti, inakuletea risiti yenyewe kutoka TRA. Ikaja, jina la hoteli sawa, kiasi sawa, tarehe 12 Julai. Kwa hiyo risiti ni halali kabisa, warsha ilifanyika kweli, watu walikula kweli. Nilipiga simu kwa watendaji wa vijiji wawili waliosaini, wote wakasema ndiyo tulikuwepo, ilikuwa kipindi cha Sabasaba imeshapita. Hakuna aliyeiba hata senti. Kilichofanyika ni kwamba warsha ya Julai imeandikwa Juni, na mahudhurio yakatengenezwa tarehe ili vifanane.

Nikamwambia, "Mama, hii mbona imeingia robo ambayo sio yake?"

Akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, nyie mmeandika kwenye mkataba nikiwa sijatumia asilimia themanini hamnipi hela ya robo inayofuata. Warsha tuliipanga Juni, viongozi wakaitwa na wilaya, ikasogea. Sasa nikiandika thelathini na sita mnaninyima, nikiandika arobaini na tano mnanipa. Wewe ungeandika ngapi?"

Nikafanya hesabu palepale pembeni ya daftari. Arobaini na tano na laki sita, toa tisa na nusu, unabaki na 36,100,000. Gawa kwa arobaini na nane. Asilimia sabini na tano na kitu. Kweli, angekwama, na mishahara ya watu wake ya Julai na Agosti ilikuwa ndani ya hiyo advansi inayofuata. Asilimia tisini na tano aliyoripoti ilionekana kwetu kama mbia hodari, kuna hadi sehemu kwenye ripoti ya robo ya shirika letu kwa mfadhili tumemsifia kwa kasi ya matumizi.

Hapa kuna watu watasema basi si kosa la tarehe tu, hela ipo, warsha ipo, tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba sisi tulichukua ile 45,600,000 tukaijumlisha na za wengine tukampelekea mfadhili na saini ya mkurugenzi mtendaji kwamba ndo matumizi mpaka 30 Juni, na haikuwa kweli. Na ingekuwa robo ya mwisho ya mradi, gharama ya tarehe 12 Julai iko nje ya muda wa ruzuku, inakataliwa yote, tunairudisha sisi kutoka kwenye fedha zetu ambazo, kama mnavyojua haya mashirika, hazipo. Zaidi ya hapo, mhasibu akishajifunza kutengeneza mahudhurio yafanane na tarehe kwa sababu nzuri, siku akija mwingine mwenye sababu mbaya njia imeshachongwa na sisi hatuna kitu kinachoweza kumuona.

Niliporudi Dar nikakuta kipande cha tatu, ambacho kwa kweli ndo kilinikera kuliko yote, nacho ni rejista ya hoja. Ziara zinatoa hoja, hoja zinaandikwa kwenye Eksel, kila moja ina safu ya hali yake, na karibu zote zilikuwa "imefungwa". Nikachukua zile za mishahara na kuomba ushahidi wa kufungwa. Hoja moja ya mbia wa Singida ilisema dereva analipwa na miradi miwili na hakuna karatasi za muda wa kazi. Imefungwa. Ushahidi ni barua ya mbia: "Tumepokea ushauri na tutaufanyia kazi." Hiyo ni ahadi, wala haijafunga kitu. Nikaomba mkataba wa dereva na vocha za mishahara za miradi yote miwili, wakachelewa chelewa wakaleta, na huyo dereva sisi tunalipa asilimia 60 ya mshahara wake na mfadhili mwingine analipa asilimia 70. Asilimia 130 ya mtu mmoja. Kila mradi ukiuangalia peke yake vocha ni safi, ina saini, ina makato ya NSSF na PAYE, hakuna shida, kasoro inaonekana tu ukiweka vocha mbili pamoja, na hiyo huwezi kuifanya kwa nakala zilizotumwa kwa barua pepe, lazima ukae kwenye ofisi yao uombe malipo ya mfanyakazi huyo kutoka vyanzo vyote. Ofisa wetu aliinusa hiyo kitu mapema kabisa, aliandika hoja sahihi. Halafu mfumo wetu ukaifunga kwa barua.

Kuandika ripoti ilikuwa kazi nyingine. Rasimu yangu ya kwanza ilipoenda kwa mkuu wa ruzuku alikuja ofisini kwangu mwenyewe, hakupiga simu. Akasema dada, ukiandika hivi unamfukuzisha kijana wangu, na yule kijana anahudumia wabia kumi na mmoja peke yake. Nilimwelewa, na kwa kweli ukisoma hoja kwa jicho la haki kijana alijaza fomu aliyopewa, kwa muda aliopewa, akaenda ziara alizopewa gari. Kwa hiyo hoja tukaziandika kwa chanzo chake. Hoja ya mapitio ya ripoti ikaandikwa kwa fomu na kwa sheria ya asilimia themanini, hoja ya ziara ikaandikwa kwa upangaji na bajeti, hoja ya tatu ikaandikwa kwa maana ya kufunga. Asichokubali mpaka mwisho ni lile neno langu kwamba ufuatiliaji "hauna ufanisi", alitaka "unahitaji maboresho". Tulivutana mbele ya kamati ya ukaguzi. Mwenyekiti wa kamati aliuliza swali moja tu, kwamba kwa mwaka mzima mapitio ya ripoti yamebadilisha namba ngapi kabla hazijaenda kwa mfadhili? Jibu lilikuwa hakuna. Neno likabaki.

Waliyobadilisha sio mengi. Fomu ya kurasa nne ikawa ukurasa mmoja, na badala ya tiki ina namba za kujaza: salio la ripoti, salio la benki, tofauti, tofauti imeundwa na nini, na hundi yoyote ambayo haijafika benki inayozidi milioni mbili iletewe taarifa ya benki ya mwezi unaofuata. Tarehe za kutuma ripoti zikagawanywa, wabia wa juu tarehe 10, waliobaki 15, ili zisianguke zote siku moja. Hoja haifungwi mpaka aliyeiandika aone karatasi yenyewe. Na ile asilimia themanini haikufutwa, mfadhili mwenyewe anaipenda, ila ripoti sasa ina safu mbili, iliyolipwa na iliyoahidiwa, kwa hiyo warsha iliyosogea ina mahali pa kukaa bila kudanganya, na asilimia inapigwa kwa zote mbili. Tulitakiwa pia kumwandikia mfadhili kurekebisha ripoti ya Juni, ilitukalia kooni kidogo lakini walijibu kiungwana tu, wakataka kuona fomu mpya.

Ziara za Kigoma ndo bado tunagombana. Menejimenti ilijibu kwamba wabia wa juu watatembelewa kila robo "kulingana na upatikanaji wa fedha", na kila mkaguzi anajua hiyo sentensi maana yake ni nini. Mimi pendekezo langu lilikuwa waziunganishe, ziara moja ya siku tano Kasulu na Kibondo mara mbili kwa mwaka, mtu wa fedha aende bila msafara wa picha, iwe na thamani kuliko nne za masaa mawili. Wamekubali kwa mdomo. Kwenye rejista yangu iko wazi bado.

Robo iliyofuata ripoti ya Kasulu ikaja tarehe 9, siku moja kabla. Safu ya kulipwa milioni thelathini na moja, safu ya kuahidiwa milioni nane na nusu, juu kidogo ya themanini. Kijana wa ruzuku akakaa nayo siku nzima, akamwandikia yule mama barua kuulizia tofauti ya shilingi laki mbili kati ya benki na leja. Jioni simu yangu ikaita, ni yeye, "Mwanangu sasa mmezidi, mnauliza mpaka laki mbili?" Ilikuwa masurufu ya dereva wao, hajarejesha risiti, gari lilikuwa limeharibika Kibondo na yeye bado yuko nalo huko gereji.